Ofa imekuja chini ya soko. Naandikaje barua pepe ya kuomba waongeze bila kuharibu?

#1 Mnunuzi_Mwandamizi
Wakuu, habari. Nimepata ofa ya kazi ya afisa ununuzi mwandamizi. Usaili ulikwenda vizuri, meneja wa idara alinipigia mwenyewe kunipa habari, kisha barua ya ofa ikaja kwa barua pepe kutoka utumishi. Sitaki tuingie kwenye sarafu, kwa hiyo mshahara waliotaja nauita 100 na namba zote zinazofuata zipimeni kwa hiyo.

Nimekusanya ushahidi. Matangazo matatu ya nafasi yenye jina hilohilo yanataja 120, 124 na 132. Utafiti wa mishahara wa chama cha taaluma yetu unaweka katikati kwenye 109. Wanataka jibu ndani ya wiki moja. Rasimu yangu hii hapa:

"Nashukuru sana kwa ofa na samahani kwa usumbufu. Kiwango mlichonipa ni kidogo ukilinganisha na uzoefu wangu, hali ya soko na majukumu ya kifamilia niliyonayo. Naomba mnifikirie angalau 115 hadi 125. Nikikosa hapo itakuwa vigumu kwangu."

Nikosoeni bila huruma. Je, niitume hivi? Na hizo namba ni sawa?

#2 Ngalawa
Piga simu mkuu. Mambo ya hela huzungumzwa kwa sauti. Kwenye barua pepe mtu anakusoma akiwa na hasira zake za asubuhi, sentensi ya upole anaiona ya kiburi. Kwenye simu unasikia akisita, unajua kuna nafasi.

#3 Bi_Utumishi
Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo muda mrefu, kwa hiyo nakupa picha ya kinachotokea barua yako ikifika.

Nafasi yako ina daraja la mshahara: kima cha chini, cha kati na cha juu. Mimi niliyekuandikia ofa naweza kusogeza kidogo bila kumuuliza mtu. Nikivuka hapo lazima niandike ombi fupi, lipite kwa meneja wako kisha lifike kwa mtu wa fedha anayesaini. Huyo wa mwisho hajawahi kukuona. Hakuwepo kwenye usaili wala hajui kwamba ulijibu maswali vizuri. Anachokiona ni aya moja yenye namba na sababu, na sababu hizo anazipima dhidi ya watu waliopo tayari kwenye daraja lile.

Kwa hiyo barua yako andika ukimfikiria huyo. Katikati yake weka aya ambayo naweza kuikata nzima na kuibandika kwenye ombi langu bila kugusa neno. Rasimu yako haina aya kama hiyo. "Uzoefu wangu" ni upi? "Hali ya soko" ni namba gani? Umetuwekea sisi huku namba nzuri, wao hukuwapa hata moja.

Majukumu ya kifamilia yaondoe. Nakuonea huruma kama mtu, lakini siwezi kumwandikia mtu wa fedha kwamba nafasi ya afisa ununuzi ipandishwe kwa sababu aliyeipata ana watoto. Aliyekaa dawati la pili naye ana watoto.

Na #2, simu ni nzuri kwa kuvunja ukimya. Ila nikimaliza kuongea nawe kwenye simu, maneno yanayofika kwa mtu wa fedha ni yangu, si yako, na mimi siku hiyo naweza kuwa na nafasi nyingine kadhaa za kushughulikia.

#4 Kijana_wa_Hesabu
Bi_Utumishi ubarikiwe. Mimi nipo kwenye namba. Ukitaja "115 hadi 125" wao wanasikia 115 tu. Ukitoa ngazi mbili mtu anakanyaga ya chini. Taja namba moja, tena isiwe ya mviringo. 113 inaonyesha umepiga hesabu, 115 inaonekana umekisia.

#5 Zuhura_T
Pole kaka. Mimi niliomba kuongezewa baada ya kufanya kazi miaka mitatu, bosi akaniambia bajeti imefungwa, nikaambiwa nisubiri mwaka mpya wa fedha, mwaka mpya ukaja na ahadi mpya. Ushauri wangu: anza na tathmini yako ya utendaji ya mwaka jana, weka alama zote ulizopata, halafu omba kikao.

#6 Ngalawa
Dada Zuhura, mwenzetu hata kitambulisho cha kazini hajapewa, tathmini ya mwaka jana ataitoa wapi 😄

#7 Zuhura_T
Kumbe ni kazi mpya! Nilisoma haraka. Lakini hoja inabaki: mimi nilinasa pale kwa sababu nilianza chini. Kila nyongeza ilihesabiwa kwa asilimia ya kile nilichoanza nacho. Ndiyo maana namwambia apambane sasa hivi, kabla hajasaini.

#8 Mhasibu_Mstaafu
Kabla hamjafika mbali. Mnunuzi, hiyo 100 ni mshahara wa msingi au ni ghafi pamoja na posho? Na yale matangazo matatu yanataja nini? Na utafiti wa chama chenu unapima nini?

#9 Mnunuzi_Mwandamizi
Mzee shikamoo. Nimerudi kuangalia. 100 ni msingi. Juu yake kuna posho ya nyumba 8 na ya usafiri 7. Matangazo yanasema "mshahara ghafi kwa mwezi". Utafiti wa chama unasema wazi ni mshahara wa msingi.

#10 Mhasibu_Mstaafu
Marahaba. Basi hapo ndipo barua yako ingekufa. Ungeandika kwamba soko linalipa 120 hadi 132 na wao wanatoa 100, mtu wa fedha angefungua ofa yao, aone 100 jumlisha 8 jumlisha 7, ni 115, aseme huyu hajui kusoma ofa. Baada ya hapo hata namba yako ya kweli haaminiki.

Sasa linganisha vya aina moja. Ghafi kwa ghafi: wao 115, ya katikati kati ya matangazo yako matatu ni 124. Pengo ni 9. Msingi kwa msingi: wao 100, utafiti 109. Pengo ni 9 tena. Njia mbili zisizojuana zimefika mahali pamoja, na hiyo ndiyo nguvu yako. Pengo la 9 lililothibitishwa mara mbili ni gumu kukataa kuliko pengo la 30 linalovunjika likiguswa.

La pili, omba iongezwe kwenye msingi. Kwa kawaida nyongeza ya mwaka huhesabiwa kwenye msingi, na mara nyingi michango ya pensheni pia. Posho ikiongezwa unafurahi mwezi huu, lakini haikui na wewe. Alichosema #7 ni hichohicho.

#11 Bi_Utumishi
Mzee umemaliza. Naongeza moja: hilo tangazo la 132, majukumu yake yakoje?

#12 Mnunuzi_Mwandamizi
Nimelisoma tena. Linataka mtu wa kuongoza timu ya maafisa wanane. Nafasi yangu haina watu chini yangu.

#13 Bi_Utumishi
Basi litoe. Jina ni moja, kazi ni mbili. Mimi nikipokea ushahidi wa soko, jambo la kwanza ninalofanya ni kutafuta kipande dhaifu, kwa sababu mtu wa fedha atakitafuta pia na sitaki anikute mimi nacho. Ukibaki na matangazo mawili na utafiti mmoja, vyote vinavyofanana na kazi yako, barua ina uzito zaidi. Andika pia ni vya mwaka gani. Utafiti uliopitwa na wakati hausaidii.

#14 Kijana_wa_Hesabu
Sawa, lakini mkitoa 132 pengo linashuka. 120 na 124, katikati 122, toa 115 unabaki na 7. Mnampunguzia mtu hela! Namba ya kwanza inayotajwa ndiyo inayovuta mazungumzo yote. Aanze juu, ashushwe. Akianza na 109 atamaliza 104.

#15 Mhasibu_Mstaafu
Aanze juu, sawa, lakini kwa sababu gani? Juu ya katikati ya soko lazima kuwe na kitu chake yeye mwenyewe. Mnunuzi, umewahi kufanya nini kazini ambacho wao wanakihitaji na kipo kwenye tangazo lao?

#16 Mnunuzi_Mwandamizi
Tangazo lao lilisisitiza kuhamisha wasambazaji kutoka ununuzi wa mara mojamoja kwenda mikataba ya muda mrefu. Kazi hiyo nimeifanya ninapotoka. Nilisimamia mikataba mipya ya wasambazaji wa vifungashio, muda wa kusubiri mzigo ukashuka kutoka wiki sita hadi nne. Meneja wao aliniuliza hilo kwenye usaili kwa kirefu.

#17 Mhasibu_Mstaafu
Hicho ndicho kinachokuruhusu kwenda juu ya 109. Soko linakufikisha 109, kazi ya mikataba inakupeleka 112. Kila hatua ina mguu wake.

#18 Sheria_Kwanza
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyegusa hatari moja. Kwenye sheria za mikataba zinazofuata mkondo wa Uingereza, ukijibu ofa kwa kutaja masharti yako mapya, unahesabiwa umeikataa ile ya kwanza na kutoa ya kwako. Kesi inayotajwa sana ni Hyde dhidi ya Wrench ya mwaka 1840. Muuzaji alitaka pauni 1,000 kwa shamba, mnunuzi akasema 950, muuzaji akakataa. Mnunuzi akarudi kusema basi nachukua kwa 1,000. Mahakama ikasema ofa ile ilikwisha kufa pale alipotaja 950.

Sasa rasimu ya kwanza: "naomba angalau 115, nikikosa hapo itakuwa vigumu". Mwenye nia mbaya anaweza kuisoma kama kukataa. Lakini kuuliza si kukataa. Mwaka 1880, kwenye kesi ya Stevenson dhidi ya McLean, mnunuzi wa chuma aliuliza kwa telegramu kama muuzaji angekubali kumpa muda wa kuchukua mzigo, na mahakama ikaona lile ni swali tu, ofa iko hai. Kwa hiyo iandike kama swali, na iseme wazi kwamba ofa yao bado unaitafakari.

#19 Ngalawa
Sheria_Kwanza unamtisha kijana. Nani ananyang'anywa kazi kwa kuuliza? Wameshamhangaikia, wameshakataa wengine. Mimi ningemwambia aseme ana ofa nyingine mkononi, uone watakavyokimbia.

#20 Bi_Utumishi
#19, hapo hapana kabisa. Nikisikia ofa nyingine naomba kuiona, au namuuliza inaisha lini muda wake. Asiyekuwa nayo anakwama kwenye jibu la pili. Kama ipo kweli itaje mara moja kwa utulivu, kama haipo usiiguse.

Kuhusu kunyang'anywa, mimi sijawahi kumwondoa mtu kwa swali la heshima. Niliowaona wakipoteza ni wale waliorudi mara ya tatu na jambo jipya kila mara: leo mshahara, kesho likizo, keshokutwa tarehe ya kuanza. Sahihi ninaiomba mara moja. Yaweke yote kwenye barua moja.

#21 Sheria_Kwanza
Kutotokea kwako si ulinzi kwake. Sentensi moja ya tahadhari haimgharimu chochote.

#22 Mnunuzi_Mwandamizi
Asanteni wote. Rasimu ya pili:

"Nashukuru kwa ofa ya nafasi ya afisa ununuzi mwandamizi. Mazungumzo yetu kuhusu mikataba ya wasambazaji yameniongezea hamu ya kujiunga nanyi. Bado naitafakari ofa kama ilivyo, na kabla sijajibu ningependa kuuliza kama kuna nafasi ya kuangalia upya mshahara wa msingi.

Utafiti wa mishahara wa mwaka huu wa chama cha taaluma yetu unaweka msingi wa katikati wa nafasi hii kwenye 109. Matangazo mawili ya sasa ya nafasi zenye majukumu yanayofanana yanataja ghafi ya 120 na 124, wakati ofa hii pamoja na posho ni 115. Nimeambatisha vyote vitatu. Zaidi ya hapo, kuhamisha wasambazaji kwenda mikataba ya muda mrefu, ambako mmekupa kipaumbele, ni kazi niliyokwisha kuifanya: kwa vifungashio, muda wa kusubiri mzigo ulishuka kutoka wiki sita hadi nne.

Kwa msingi huo, je, inawezekana kufikia 112 kwenye mshahara wa msingi, posho zikibaki zilivyo? Naelewa mnazo ngazi zenu na watu waliopo tayari, kwa hiyo kama kuna kikwazo ningefurahi kukijua ili tutafute njia inayowafaa ninyi pia. Tukifika hapo nitasaini siku hiyohiyo."

#23 Bi_Utumishi
Aya ya pili naikata na kuibandika kama ilivyo. Umetaja ghafi yao mwenyewe kabla hawajakuumbua nayo, hilo litakujengea imani. Na "naelewa mnazo ngazi zenu" imenigusa, maana hicho ndicho kinachonibana, na mtu akikitambua naanza kumtafutia njia.

#24 Kijana_wa_Hesabu
"Nitasaini siku hiyohiyo" itoe. Inaonyesha una njaa.

#25 Bi_Utumishi
Nakupinga. Mtu wa fedha anaogopa kusaini ongezeko halafu mtu arudi kuomba tena. Sentensi hiyo inamwambia akisaini suala limefungwa. Sharti ni moja tu, iwe kweli.

#26 Mhasibu_Mstaafu
Hapo mimi nipo katikati. Mwajiri mwenye hofu itamtuliza, mwenye ujanja ataisoma alivyosema Kijana. Kutoka nje huwezi kujua ni yupi.

#27 Kalamu_Nzito
Nimekuwa msomaji tu, ila #4 aliposema namba mbili hupokelewa ya chini, hilo si kamili. Mwaka 2015 Daniel Ames na Malia Mason wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha majaribio yao kuhusu hili. Wale waliotoa mwanya unaoanzia kwenye namba wanayoitaka na kupanda juu hawakupoteza, na mara nyingi walipata zaidi ya waliotaja namba moja, kwa sababu upande wa pili uliona ni kukosa adabu kushuka chini sana ya mwanya ule. Kosa ni mwanya unaoanzia chini ya unachokitaka.

#28 Kijana_wa_Hesabu
Kwa hiyo "112 hadi 117"? Hiyo nimeielewa, lakini majaribio hayana mtu wa fedha wa Bi_Utumishi. 117 ushahidi wake uko wapi?

#29 Kalamu_Nzito
Hilo swali zuri. Kwa ushahidi huu alionao, namba moja ina mantiki zaidi. Nilitaka tu isigeuzwe kuwa kanuni.

#30 Mnunuzi_Mwandamizi
Nimeituma na 112 peke yake, sentensi ya kusaini nimeiacha kwa sababu ni kweli. Utumishi wamejibu kwa mstari mmoja: "Tumepokea, tutarudi kwako." Nimemaliza kuusoma mara nyingi. Nifuatilie?

#31 Bi_Utumishi
Usiguse. Mstari huo maana yake ombi limeenda kwa mtu mwingine. Ikikaribia siku yao ya mwisho na bado kimya, andika sentensi mbili ukiomba muda wa kujibu usogezwe hadi watakapomaliza. Muda usipite ukiwa kimya.

#32 Mnunuzi_Mwandamizi
Wakuu, mrejesho. Wamesema 112 ingempita mtu aliyepo kwenye daraja lile kwa muda mrefu. Wametoa 106 kwenye msingi, posho zilevile, na mapitio ya mshahara baada ya miezi sita. Ghafi inakuwa 121. Meneja amenipigia kusema aya ya soko ilisomwa kwenye kikao. Naelekea kukubali.

#33 Kijana_wa_Hesabu
Hongera! Mnaona nguvu ya 112? Wamekutana naye katikati kabisa. Angesema 109 wangempa 104 au 105.

#34 Bi_Utumishi
Katikati ni bahati ya hesabu. Wamekuambia kilichowazuia ni mtu aliyepo. 106 itakuwa hatua moja chini ya mtu huyo. Angeomba 109, nadhani angepata hiyohiyo 106.

#35 Ngalawa
Na mimi nasema 106 ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Waajiri huacha akiba mfukoni wakimsubiri atakayeuliza. Hata ile rasimu ya kwanza, ukiondoa watoto, ingempa hiyo.

#36 Mhasibu_Mstaafu
Ngalawa, aya ilisomwa kwenye kikao. Rasimu ya kwanza wangesoma nini? Ila sitabishana sana, hatuwezi kuwarudisha nyuma wajibu barua mbili.

Kwa Mnunuzi: nyongeza ikiwa asilimia 5 kila mwaka, 100 inafika karibu 127.6 baada ya nyongeza tano, na 106 inafika karibu 135.3. Zile 6 zimekuwa karibu 8. Hiyo ndiyo maana ya kuomba kwenye msingi.

#37 Zuhura_T
Nimefurahi kwa niaba yako kaka. Lakini hayo "mapitio ya miezi sita" ndiyo niliyopewa mimi kwa mdomo. Yako yameandikwaje?

#38 Mnunuzi_Mwandamizi
Yameandikwa hivi: "Mshahara utapitiwa baada ya miezi sita kwa kuzingatia utendaji."

#39 Sheria_Kwanza
Hapo wameahidi kuangalia, hawajaahidi kuongeza. Waombe waongeze vitu viwili kwenye sentensi hiyo: kigezo kitakachopimwa, mfano idadi ya wasambazaji waliohamishiwa mikataba, na namba inayolengwa kikifikiwa. Na iwe ndani ya mkataba wenyewe. Ikibaki kwenye barua pepe pekee, angalia kama mkataba una kifungu kinachosema makubaliano yote yamo humo. Kikiwepo, barua pepe ile inaweza isikusaidie.

#40 Bi_Utumishi
Kigezo watakubali, meneja atakipenda. Namba inayolengwa sidhani, mtu wa fedha hatasaini ya miezi sita ijayo. Na kumbuka nilichosema #20 kuhusu kurudi tena, hasa kwa mtu aliyeandika kwamba atasaini siku hiyohiyo.

#41 Sheria_Kwanza
Alisema atasaini wakifika 112. Hawajafika. Na kuomba sentensi yao wenyewe ieleweke si kuomba jambo jipya.

#42 Zuhura_T
Mimi nipo na Sheria_Kwanza kwenye hili. Kaka, kigezo kikikosekana, baada ya miezi sita utakuja kuanzisha uzi mwingine.

#43 Mnunuzi_Mwandamizi
Naandika sasa hivi kuomba kigezo tu, namba naiacha. Sentensi niliyoifikiria: "Ili sote tujue tutakachokuwa tunapima, je, tunaweza kuongeza kwenye mkataba kwamba mapitio yatazingatia wasambazaji watakaokuwa wamehamia mikataba ya muda mrefu?" Bi_Utumishi, hiyo itapita bila kuhitaji sahihi nyingine?

#44 Bi_Utumishi
Kwangu ingepita kwa meneja peke yake. Kwao sijui utaratibu wao. Itume kwa meneja na utumishi kwa pamoja, asiwepo wa kumsubiri mwenzake.